Leja ya michango ya kikundi: nani anadaiwa, kiasi gani, tangu lini

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka akiba. Tuko wanachama 24, kila mmoja hutoa 5,000 kwa mwezi, mwisho tarehe 5, na anayechelewa ana faini ya 500. Mwisho wa mwaka tunagawana. Ninatumia jedwali lenye majina pembeni na miezi juu, ninaweka alama ya vema kwa aliyelipa. Shida ni wanaolipa nusu, wanaolipa miezi miwili kwa mpigo, na wanaoleta chochote walicho nacho. Kila kikao tunabishana nani anadaiwa nini. Jirani yangu anafanya kazi kwenye kampuni inayotoza wateja ada ya kila mwezi, akaniambia niandike michango kama wao wanavyoandika wateja wao. Nifanyeje?

Jibu:

Ndugu Mweka Hazina,

Jirani yako amekuelekeza vizuri, isipokuwa mahali pamoja ambapo kikundi chenu na kampuni yake vinaachana njia. Nitapafikia mbele, kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kunyang'anywa akiba yake bila yeyote kukusudia.

Ubishi wa vikao vyenu unaanzia kwenye jedwali lenyewe. Kila chumba chake kimebebeshwa habari mbili kwa wakati mmoja: kwamba mwezi umefika na mwanachama anatakiwa kutoa 5,000, na kwamba ametoa. Anayelipa zote kwa wakati hana tatizo, alama moja inamtosha. Lakini chukua mwanachama namba 14, ambaye Februari hakutoa kitu, kisha tarehe 4 Machi akaleta 7,000. Ukiziandika zote chini ya Machi, Februari inabaki tupu milele na Machi inaonekana imezidi. Ukizikata, 5,000 uziweke Februari na 2,000 Machi, umefuta habari ya kwamba siku moja zilipokelewa 7,000. Akija Oktoba na risiti yake mkononi, hutaiona hiyo 7,000 popote kwenye daftari lako.

Kampuni inayotoza ada ya mwezi haiandiki hivyo. Tarehe 1 inapofika, mfumo wake humwandikia kila mteja dai la mwezi huo, awe amelipa au hajalipa, awe na kawaida ya kulipa au hana. Pesa zikiingia, huandikwa mahali pengine kabisa, kwa kiasi kilekile na tarehe ileile zilipoingia. Kinachodaiwa ni tofauti ya jumla hizo mbili. Hakuna mtu anayekaa kuandika kwamba mteja "amelipa Machi". Hilo linapatikana kwa hesabu, na linaweza kukokotolewa upya siku yoyote.

Kwa hiyo tengeneza kurasa tatu, iwe kwenye lahajedwali la kompyuta au la simu. Ya kwanza iite WANACHAMA, yenye namba ya kila mtu, jina, mwezi alioanza na mwezi alioacha kama ameacha. Ya pili ni MADAI, ya tatu ni MALIPO. Tumia namba katika kurasa mbili za mwisho, usitumie majina, maana jina hilohilo litaandikwa kwa namna tatu tofauti katika mwaka mmoja na fomula itaona watu watatu.

Kwenye MADAI, safu A ni tarehe, B namba ya mwanachama, C aina, yaani MCHANGO au FAINI, na D kiasi. Kila tarehe 1 unabandika mistari 24 ya MCHANGO, kila mmoja 5,000. Hii ni kazi ya dakika chache: unanakili mistari ya mwezi uliopita na kubadilisha tarehe. Kwenye MALIPO, safu A ni tarehe ya malipo, B namba, C aina, D kiasi, E njia ambayo pesa zimepitia, na F namba ya risiti. Mtu akileta 5,500 akasema 500 ni ya faini, unaandika mistari miwili yenye namba moja ya risiti. Ukijumlisha mistari ya risiti hiyo, unaiona 5,500 yake ikiwa kamili.

Tarehe ya malipo ni siku pesa zilipotumwa au zilipokabidhiwa. Siku wewe ulipopata nafasi ya kuandika haina kazi hapa. Kwa kuwa faini yenu inategemea tarehe 5, siku mbili za kuchelewa kwako kuandika zingeweza kumtoza mtu 500 isiyo yake.

Sasa swali la nani anadaiwa mwezi gani. Wengi wanapofika hapa huanza kugawa malipo kwa mkono, hili la Februari, lile la Machi, na wanarudi kwenye jedwali la zamani kwa mlango wa nyuma. Huhitaji kugawa. Kanuni ni kwamba mchango wa zamani zaidi hulipwa kwanza, na kanuni hiyo inaweza kuandikwa kwenye fomula moja. Iweke kwenye seli E2 ya MADAI kisha uivute hadi chini:

```
=MAX(0, MIN(D2, SUMIFS(D$2:D2, B$2:B2, B2, C$2:C2, C2) - SUMIFS(MALIPO!D:D, MALIPO!B:B, B2, MALIPO!C:C, C2)))
```

Inatisha kwa macho, lakini inachofanya ni kidogo. Inajumlisha madai yote ya mwanachama huyo kuanzia juu hadi mstari huu, inatoa malipo yake yote, na kinachobaki ndicho kisicholipwa hadi hapo. Kikiwa chini ya sifuri, mstari umelipwa. Kikizidi kiasi cha mstari wenyewe, inaonyesha kiasi cha mstari tu, kwa sababu kinachozidi ni cha mistari ya juu. Fomula hii inafanya kazi ikiwa mistari ya MADAI imepangwa kwa tarehe, ya zamani juu. Na kama kompyuta yako inakataa alama ya mkato, weka nukta mkato badala yake; inategemea mpangilio wa lugha.

Tumjaribu namba 14. Alilipa 5,000 tarehe 3 Januari, 7,000 tarehe 4 Machi na 5,000 tarehe 20 Aprili, jumla 17,000. Madai yake ya mchango hadi Aprili ni 20,000. Kwenye mstari wa Machi, madai yaliyojumlika ni 15,000, ukitoa 17,000 unapata chini ya sifuri, kwa hiyo Machi imekwisha. Kwenye mstari wa Aprili ni 20,000 ukitoa 17,000, zinabaki 3,000. Badala ya kubishana kama ile 7,000 ilikuwa ya Februari au ya Machi, unamwambia jambo moja: unadaiwa 3,000, nazo ni za Aprili.

Faini zake ni habari nyingine, na hapa naomba tukae kidogo.

Kampuni nyingi huweka ada na tozo za kuchelewa kwenye foleni moja, dai la zamani hulipwa kwanza bila kujali ni la aina gani. Ukiiga hivyo kwenye kikundi, utatengeneza mtego. Mchukue mwanachama ambaye Januari alilipa vizuri, Februari akachelewa akalipa tarehe 10, kisha kuanzia Machi hadi Desemba akalipa 5,000 kila tarehe 3 bila kukosa. Kwa akili ya kawaida huyu ana kosa moja na faini moja ya 500.

Kwenye foleni moja mambo yanakwenda hivi. Tarehe 6 Februari anaandikiwa faini ya 500. Malipo ya tarehe 10 yanafuta mchango wa Februari, ambao ni wa tarehe 1, na faini inabaki. Tarehe 3 Machi analeta 5,000. Foleni inachukua 500 kwanza kulipa faini, zinabaki 4,500 kwa ajili ya Machi, na Machi inapungua 500. Tarehe 6 anaandikiwa faini nyingine. Aprili, 5,000 yake inaliwa 500 na upungufu wa Machi, 500 na faini ya Machi, na Aprili inapata 4,000. Faini tena. Kila mwezi upungufu unakua kwa 500, hadi Desemba mchango wake wa mwezi huo unaonekana haujalipwa hata senti moja, ingawa tarehe 3 alisimama mbele yako na 5,000 mkononi. Kitabu kinasema ana faini 11, jumla 5,500, na akiba yake ni 55,000 badala ya 60,000. Ni kuchelewa siku tano tu, mara moja.

Ukiona mwanachama anayelipa kila mwezi huku deni lake linapanda kwa kiasi kilekile cha faini, basi ujue ndicho kinachotokea. Dawa ni kutenganisha foleni mbili, na ile fomula tayari imezitenganisha, kwa sababu inalinganisha aina na aina. Pesa inayoingia bila maelezo iandike MCHANGO mpaka michango yote iishe, halafu ndipo faini. Kwa mpango huo mwanachama wetu anamaliza mwaka na akiba ya 60,000 na deni la faini la 500. Mkitaka faini zilipwe haraka, zidaini kwenye kikao mbele ya wote. Msizichomoe kimyakimya kutoka kwenye mchango wa mtu.

Kutoza faini kwenyewe kunahitaji swali moja tu kila tarehe 6: je, jumla ya michango aliyodaiwa hadi leo inazidi michango aliyolipa hadi jana jioni? Kama inazidi, mstari mmoja wa FAINI, 500. Namba 14 atapata faini Februari, Machi na Aprili, jumla 1,500, kwa sababu tarehe 5 ya kila mwezi kati ya hiyo ilimkuta na upungufu. Hapo kuna uamuzi ambao kitabu hakiwezi kuwafanyia. Mtu aliyeruka mwezi mmoja mzima, kisha akaendelea kulipa 5,000 kila mwezi, atabaki nyuma kwa mwezi mmoja siku zote na atatozwa kila mwezi hadi azibe pengo. Vikundi vingine vinataka hivyo hasa, vingine vinaona mchango mmoja uzae faini moja basi. Mimi napendelea ya pili kwenye kikundi cha akiba, lakini liandikeni kwenye katiba yenu, kwa sababu mtu wa kwanza kuguswa na kanuni isiyoandikwa huamini imetungwa kwa ajili yake.

Ikitokea faini imeandikwa kimakosa, kwa mfano pesa zilitumwa tarehe 5 wewe ukaziona tarehe 8, usifute mstari. Wala usiweke faini ya kutoa 500 kwenye MADAI, kwa kuwa fomula yetu inahesabu kuanzia juu na ule mstari wa awali utaendelea kuonekana haujalipwa. Weka mstari kwenye MALIPO, aina FAINI, kiasi 500, na kwenye njia andika MSAMAHA pamoja na sababu. Deni linafutika, historia inabaki, na baadaye utajua kwamba hiyo 500 haikuwahi kuwa pesa taslimu. Malipo yaliyoandikwa kwa mtu asiyestahili yanasahihishwa kwa mstari wa kutoa kiasi hichohicho kwake na mstari mpya kwa mwenyewe. Pesa zilizoingia bila jina zipe namba 00 hadi mwenyewe ajitokeze, kisha zihamishe kwa njia hiyohiyo. Usizifiche kwa kusubiri, maana salio la benki litakuwa limeshaziona.

Kwenye ukurasa wa WANACHAMA, ongeza safu mbili, E na F, kulia kwa taarifa za mtu. Ya kwanza ni akiba yake, yaani michango aliyolipa, ya pili ni tofauti na madai:

```
E2: =SUMIFS(MALIPO!D:D, MALIPO!B:B, A2, MALIPO!C:C, "MCHANGO")
F2: =SUMIFS(MADAI!D:D, MADAI!B:B, A2, MADAI!C:C, "MCHANGO") - E2
```

F ikiwa juu ya sifuri ni malimbikizo. Ikiwa chini ya sifuri, mtu amelipa mbele. Usijumlishe safu hiyo yote pamoja. Kama watu wanadaiwa 40,000 na wengine wamelipa 30,000 za mbele, jumla ya safu itasema 10,000 na kamati itadhani mambo ni mazuri, kumbe pesa za walio mbele zinafunika madeni ya walio nyuma. Soma pande mbili kila moja peke yake:

```
=SUMIF(F2:F25, ">0")
=SUMIF(F2:F25, "<0")
```

Anayelipa mbele ndiye mtu rahisi kuliko wote kwenye mpango huu. Akileta 60,000 Januari, unaandika mstari mmoja wa 60,000. Madai ya kila mwezi yanazila zenyewe. Ila kuna siku atakusumbua: mkipandisha mchango katikati ya mwaka. Tuseme kuanzia Julai ni 6,000. Mistari ya zamani haiguswi, kwa sababu kila dai limeandikwa kwa kiasi cha siku yake, tofauti na fomula ya "idadi ya miezi mara 5,000" ambayo ingegeuza historia yote. Lakini aliyelipa 60,000 ametumia 30,000 hadi Juni, na 30,000 iliyobaki inatosha miezi mitano ya 6,000, yaani hadi Novemba. Desemba 6 atatokea kwenye orodha ya wadaiwa na kupigwa faini, yeye aliyelipa kabla ya wote. Mjulishe Julai ileile.

Anayeingia katikati, madai yake yanaanza mwezi alioingia. Anayesimama kwa ruhusa ya kikundi, mnaacha kumwandikia madai kwa miezi hiyo. Usimwandikie malipo ya sifuri wala alama yoyote. Dai likikosekana, hakuna deni.

Kila mwisho wa mwezi kuna ukaguzi mmoja ambao haurukwi. Jumlisha MALIPO ya mwezi huo kwa kila njia, ukiacha MSAMAHA, na ulinganishe na taarifa ya benki, ya akaunti ya simu, na pesa za sanduku zilizohesabiwa na watu wawili. Ikitofautiana hata kidogo, tafuta kabla hujabandika madai ya mwezi unaofuata. Tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu mbili zilizopishana, kwa mfano 5,400 iliyoandikwa 4,500. Tofauti ya 5,000 kamili mara nyingi ni mstari ulioandikwa mara mbili au usioandikwa kabisa. Kwa risiti utaupata.

Nilisema kuna mahali ambapo mfano wa jirani yako unakatika. Mteja wa kampuni asipolipa ada, kampuni imepoteza mapato yake. Deni lile ni mali ya kampuni. Mwanachama wa kikundi chenu asipotoa mchango, kwa sehemu kubwa amejinyima akiba yake mwenyewe. Mchango uliolipwa ni wa mwanachama, kikundi kimeushika tu. Faini peke yake ndiyo mapato ya kikundi. Kutoka hapo yanatoka makosa mawili ya siku ya mgawo, na yote nimeyaona kwenye vitabu vilivyoandikwa kwa usafi.

La kwanza ni kugawa madai. Watu 24 kwa 60,000 ni 1,440,000, na mtu akiitangaza namba hiyo kwenye kikao, kila mmoja ataishika. Lakini tuseme zilizolipwa ni 1,392,000 na malimbikizo ni 48,000. Malimbikizo hayo hayako kwenye sanduku wala benki, na hayagawiki.

La pili ni baya zaidi, nalo huonekana kama haki. Namba 07 ametoa 55,000, anadaiwa mchango wa mwezi mmoja na faini mbili, yaani 1,000. Mtu anasema: ana 55,000, anadaiwa 5,000, basi apewe 50,000, toa na faini. Hapana. Ile 5,000 hakuitoa, kwa hiyo tayari haimo kwenye 55,000. Ukiikata mara ya pili umechukua 5,000 aliyotoa kweli ukawapa wengine. Malimbikizo ya mchango hayakatwi kwenye mgawo; yanafutwa tu, kwa sababu mwaka umekwisha na hakuweka. Faini ndizo zinazokatwa.

Tuhesabu hadi mwisho, tukichukulia hamkukopesha wala hamkutumia kitu, na hakuna msamaha uliotolewa. Faini zilizotozwa mwaka mzima ni 36,000, zilizolipwa ni 24,000, zinadaiwa 12,000. Pesa zilizopo ni 1,392,000 na 24,000, jumla 1,416,000. Mkikata zile 12,000 kwenye akiba za wanaodaiwa, fungu la faini linatimia 36,000, na likigawanywa kwa usawa ni 1,500 kwa kila mtu. Namba 07 anapata 55,000, mnatoa 1,000, mnaongeza 1,500, anaondoka na 55,500. Mgawo wa wote ni 1,392,000 ukitoa 12,000 ukaongeza 36,000, na jibu ni 1,416,000, sawa na zilizopo. Kama jumla ya bahasha zenu hailingani na pesa zilizopo kabla ya kufungua bahasha ya kwanza, simamisheni zoezi.

Mkiwa mnakopeshana, mikopo iwe na ukurasa wake na msichanganye marejesho na michango, hata kama mtu ameleta vyote kwa mpigo. Ni risiti moja, mistari miwili. Na kama kikundi chenu kingekuwa cha zamu, ambapo kila mwezi mtu mmoja anapokea fungu lote, ningekujibu tofauti kwa upande huu wa mgawo. Huko asiyetoa amemnyima mwenzake aliye kwenye zamu, na deni lake ni deni kamili hadi alilipe.

Kuhusu kuhama kutoka jedwali la zamani, usijaribu kuujenga upya mwaka mzima mstari kwa mstari. Chagua tarehe, tuseme mwisho wa mwezi huu. Kwa kila mwanachama andika mistari miwili tu ya MCHANGO: mmoja kwenye MADAI wenye jumla ya alichotakiwa kutoa hadi siku hiyo, mmoja kwenye MALIPO wenye jumla ya alichotoa, na kwenye njia andika KUANZIA ili usiihesabu kama pesa ya mwezi huu. Aliyetakiwa 30,000 akatoa 27,000 ataanza na akiba ya 27,000 na malimbikizo ya 3,000, bila nyongeza yoyote. Faini za nyuma zifanye vivyo hivyo. Kisha, kabla ya kuandika dai la kwanza la mwezi mpya, hakikisha mambo mawili: jumla ya mistari yote ya KUANZIA inalingana na pesa mlizo nazo siku hiyo, na kila mwanachama ameona namba zake mbili na kutia sahihi. Watakaobisha watakuwa wachache, na kwao rudi kwenye risiti. Wasiokuwa na risiti, kamati iamue kwenye kikao hichohicho na uamuzi uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.